Kodi ya Miezi Sita na Notisi ya Mwezi Mmoja

Mwezi wa tisa ukiingia, biashara ya fremu mjini Masasi hubadilika. Korosho zinaanza kuokotwa, minada ya vyama vikuu inakaribia, na kila mfanyabiashara wa bati, pikipiki, simu na vitenge anajua kwamba malipo ya wakulima yakishaingia kwenye akaunti, fedha zitatumika hapa mjini. Hapo ndipo wenye nyumba walio kando ya barabara kuu, wale wenye fremu tatu au nne zilizopangana mbele ya nyumba, huanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. Mgeni anataka fremu kwa miezi minne tu, na yuko tayari kulipa mara mbili ya kodi anayolipa mpangaji wa siku zote. Huyo wa siku zote anaambiwa atoke.

Mara nyingi anaambiwa kwa mdomo, na kwa upole. “Mwanangu, mwisho wa mwezi wa kumi nitaihitaji fremu yangu.” Anajibu, “Sawa mzee, lakini kodi yangu inafika mwezi wa pili.” Mzee anasema atamrudishia hela yake kwa simu. Wote wawili wanaamini kwamba notisi ya mwezi mmoja ndiyo sheria. Nimeisikia kauli hiyo kwa wenye nyumba, kwa madalali, kwa wapangaji wenyewe, na hata kwa viongozi wa mtaa wanaoitwa kusuluhisha. Imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Kabla ya kufika kwenye notisi kuna swali linalotangulia, nalo ni kama huyo anayeambiwa atoke ni mpangaji kweli, au ni mtu aliyepewa ruhusa tu ya kuwa mahali pale. Jibu lake ndilo linaloamua ana kinga gani.

Mtazame fundi cherehani wa barazani. Karibu kila duka la nguo mjini lina mmoja. Asubuhi mwenye duka akifungua, fundi hutoa cherehani yake ndani, anaiweka barazani, anaanza kazi. Jioni anaiingiza tena ndani, mwenye duka anafunga, wote wanaondoka. Kwa mwezi anampa mwenye duka elfu ishirini au thelathini, na labda anashona bure sare za shule za watoto wake. Mwenye duka akitaka kupanga ndoo au magunia pale barazani, anamwambia fundi asogee, na fundi anasogea. Fundi huyu analipa, tena kila mwezi, na pengine amekaa pale miaka minane. Hata hivyo si mpangaji. Hana eneo lililo lake kwa maana ya kumzuia mtu mwingine asiingie. Alichonacho ni ruhusa: jambo ambalo bila ruhusa lingekuwa kuvamia eneo la mtu, kwake limekuwa halali kwa sababu mwenye eneo amekubali.

Sasa tuseme mwenye duka ana chumba kidogo cha pembeni kinachoangalia barabara, akampa fundi kwa elfu hamsini kwa mwezi. Fundi ananunua kufuli lake. Anafungua saa anayotaka na kufunga saa anayotaka, vitambaa vya wateja vinalala ndani, na mwenye duka akitaka kuingia kuangalia paa linalovuja inabidi abishe hodi. Hawajaandikiana chochote, na pengine bado wote wanasema “nimempa tu nafasi ashonee pale.” Pamoja na hayo, kilichozaliwa ni pango. Kuna eneo linalojulikana mipaka yake, kuna kodi, kuna kipindi kinachohesabika, na kuna haki ya kumfungia nje kila mtu, mwenye nyumba akiwemo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukitaka kujua haraka kama mtu ni mpangaji, uliza ufunguo uko kwa nani, na mwenye nyumba akitaka kuingia anaingia kama mwenyewe au kama mgeni.

Ufunguo peke yake haumalizi jambo. Mlinzi anayelala kwenye kibanda ndani ya uzio wa ghala la korosho ana ufunguo wa kibanda hicho, lakini yuko pale kwa ajili ya kazi yake; kazi ikiisha, makazi yanaisha nayo. Mpwa aliyekaribishwa chumba cha uani asome sekondari naye ana ufunguo, ila amekaa kwa undugu. Hakuna aliyekusudia kuingia katika mkataba, na chakula anachochangia si kodi. Mgeni wa nyumba ya kulala wageni ana ufunguo, na chumba bado kinafagiliwa na mhudumu aliye na ufunguo wa pili. Hao wote wana ruhusa. Wakitakiwa kuondoka wanastahili muda wa kutosha kufungasha na kupata pa kwenda, na muda huo hupimwa kwa mazingira: siku chache kwa mgeni, wiki kadhaa kwa mpwa mwenye mitihani. Hawana kinga ya notisi ya mpangaji.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi nyumba inapouzwa. Mnunuzi wa jengo anamkuta mpangaji ndani na kwa kawaida analazimika kumheshimu hadi pango lake liishe kisheria, kwa sababu haki ya mpangaji imeshikamana na jengo. Ruhusa ya fundi wa barazani ilikuwa kati yake na mwenye duka wa zamani. Duka likipata mwenye mpya, fundi hana budi kuanza mazungumzo upya.

Watu wanaojua tofauti hii hujaribu kuitumia. Ndiyo maana siku hizi unakutana na karatasi yenye kichwa “Mkataba wa Ruhusa ya Matumizi ya Chumba cha Biashara”, wakati ndani yake kuna fremu yenye namba, kodi ya kila mwezi na kufuli la mpangaji. Anayeandika hivyo anataka aweze kusema baadaye kwamba huyu hakuwa mpangaji kamwe.

Hila hiyo ina historia, na ilikwisha kuanguka mahakamani. Mwaka 1983, katika mji wa Bournemouth, kusini mwa Uingereza, wakili aliyeitwa Street alimpa Bi. Mountford vyumba viwili kwa pauni 37 kwa wiki. Waliandikiana karatasi iliyoitwa ruhusa kuanzia juu hadi chini, na mwishoni Bi. Mountford akatia saini tamko kwamba anaelewa hapewi pango lenye kulindwa na sheria za kodi za nchi ile. Shauri lilipanda hadi mahakama ya juu ya wakati huo, Baraza la Malodi, na mwaka 1985 Lodi Templeman, akitoa hukumu ambayo wenzake wote waliiunga mkono, akasema kwamba mahakama huangalia walichofanya watu, wala haifungwi na jina walilokiita. Bi. Mountford alikuwa na vyumba kwa ajili yake peke yake, kwa kodi na kwa kipindi. Basi alikuwa mpangaji.

Msomaji wa Masasi au Newala anaweza kuuliza hukumu ya Bournemouth inamhusu nini. Inamhusu, kwa sababu Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, sura ya 113 ya sheria zetu, inaelekeza katika kifungu cha 180 kwamba pamoja na Katiba, sheria yenyewe na sheria za kimila, mahakama zinazoamua mambo ya ardhi zitatumia kiini cha kanuni za kawaida na za haki kama zinavyotumika katika nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, pale zinapofaa kwa mazingira ya Tanzania. Hukumu ya 1985 si amri kwa mwenyekiti wa Baraza letu la Ardhi na Nyumba, lakini ana haki ya kuifuata, na sioni sababu ya kutoifuata. Chumba ni chumba, kiwe Bournemouth au Mkuti.

(Kwa tahadhari: leseni ya makazi inayotolewa na mamlaka za miji kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni haki anayopewa mkazi kuhusu ardhi anayoishi, na haihusiani na ruhusa ninayoizungumzia hapa.)

Tukishakubaliana kwamba aliye ndani ni mpangaji, turudi kwenye ile notisi ya mwezi mmoja. Kuna sehemu mbili tu inapoweza kutoka. Ya kwanza ni mkataba wenyewe. Kama mmeandikiana kwamba kila upande utatoa notisi ya mwezi mmoja, hilo ndilo litakalotumika, na fomu nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi zina kifungu hicho. Ya pili ni sheria, na sheria haisemi mwezi mmoja kwa kila mtu. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba pango lisilotaja muda wake wala notisi ya kulivunja litachukuliwa kuwa pango la vipindi. Kipindi hicho ni kile ambacho kodi inalipwa kwa ajili yake. Upande wowote unaotaka kulivunja utatoa notisi isiyopungua urefu wa kipindi hicho, na notisi hiyo lazima iishie katika mojawapo ya siku ambazo kodi inapaswa kulipwa.

Isome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, maana ina masharti mawili na watu wengi hukumbuka moja tu. Notisi ina urefu, na ina siku ya kumalizikia. Anayekodi kwa wiki, wiki moja inatosha, mradi iishie siku ya kodi. Anayekodi kwa mwezi hupewa mwezi. Hapo ndipo “mwezi mmoja” ulipozaliwa na ndipo unapofaa: kwa mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi, kama vile vyumba vya watu wengi katika mji wowote vilivyokuwa vikilipwa zamani. Siku hizi karibu hakuna fremu inayolipwa hivyo. Inalipwa miezi sita sita, au mwaka.

Nichukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya mashauri tunayoyaona kila msimu. Mama mmoja anauza vitenge na kanga katika fremu iliyo kwenye njia ya kwenda Newala. Alipoingia, mwenye nyumba alimwambia, “Kodi ni laki moja kwa mwezi, unanilipa miezi sita.” Hawakuandikiana kitu. Sheria inaruhusu hilo. Pango la muda mfupi, la mwaka mmoja au chini yake, au la vipindi visivyozidi mwaka, laweza kuwa la maneno matupu. Machi 1 akalipa laki sita. Septemba 1 akalipa laki sita nyingine, na kodi yake ikafika mwisho wa Februari. Septemba 20 mzee akamwambia atoke ifikapo Oktoba 31, na miezi minne iliyobaki atarudishiwa.

Swali la kwanza: kipindi cha pango hili ni mwezi au ni miezi sita? Hapa wanasheria wanaweza kuvutana. Anayesema ni mwezi ataonyesha kwamba kodi ilitajwa kwa mwezi, laki moja, na ile miezi sita ni utaratibu wa kulipa mbele tu. Anayo hoja ya zamani ya kuegemea. Mwaka 1952 mahakama ya rufani ya Uingereza, katika shauri la Adler na Blackman, ilikuwa na mpangaji aliyepewa mwaka mmoja kwa kodi iliyotajwa kwa wiki. Mwaka ulipoisha akabaki ndani akiendelea kulipa, na mahakama ikasema sasa yeye ni mpangaji wa wiki kwa wiki, kwa sababu kodi ilipimwa kwa wiki. Anayesema ni miezi sita atajibu kwamba sheria yetu inatazama kipindi ambacho kodi inalipwa kwa ajili yake, na mama huyu hajawahi hata siku moja kudaiwa kodi ya mwezi. Alidaiwa Machi 1 na Septemba 1, basi.

Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi pale ambapo mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeweka sharti la miezi sita na hakubali pungufu. Aliyejipatia faida ya kushika fedha za miezi sita mbele hawezi, ikifika zamu ya notisi, kudai kwamba pango lilikuwa la mwezi. Lakini najua mwenyekiti wa baraza anaweza kuamua vingine, na mteja wangu nitamwambia hivyo.

Jambo ninalotaka kila mpangaji wa fremu alishike ni kwamba kwa mama huyu mabishano hayo hayabadilishi jibu la Oktoba 31. Tuseme kipindi ni mwezi. Notisi ya Septemba 20 ina urefu wa kutosha, maana inazidi mwezi. Bado lazima iishie siku ya kulipa kodi, na siku ya kulipa kodi inayofuata ni Machi 1. Hakuna siku ya kodi mwezi wa kumi, wala wa kumi na moja, wala wa kumi na mbili, kwa sababu kodi ya miezi hiyo imekwisha kudaiwa na imekwisha kupokelewa. Sasa tuseme kipindi ni miezi sita. Kutoka Septemba 20 hadi Machi 1 ni miezi mitano na siku kumi hivi, haitoshi. Ili pango liishe Machi 1, notisi ilitakiwa imfikie kabla ya Septemba 1 au siku hiyohiyo, yaani kabla mzee hajapokea zile laki sita za pili. Kwa kuwa amechelewa kwa siku 19, siku ya karibu anayoweza kulivunja pango ni Septemba 1 ya mwaka unaofuata. Kwa hesabu ya kwanza mama yuko ndani hadi Machi 1. Kwa hesabu ya pili, mwaka mzima kasoro wiki chache. Kwa vyovyote msimu huu wa korosho ni wake.

Mzee anaweza kusema, “Lakini nimemrudishia hela yake.” Kurudisha kodi hakuvunji pango. Kodi ilishapokelewa kwa makubaliano, na upande mmoja hauwezi kuyatengua kwa kutuma fedha kwenye simu ya mwenzake. Hatari iko kwa mama mwenyewe. Akizipokea zile laki nne, akakaa kimya, kisha akahamisha vitenge vyake, huko mbele itakuwa vigumu kudai kwamba alifukuzwa. Itaonekana wazi kwamba alisalimisha pango kwa hiari na kulipwa. Kama hataki kuondoka, azirudishe siku ileile kwa njia ileile zilizopitia, na ujumbe mfupi unaosema kwamba hakubali. Rekodi ya muamala na ujumbe huo ni ushahidi mzuri kuliko mashahidi wawili wa mtaani.

Kuna hali moja ambapo mzee angeshinda kirahisi. Kama Machi walikubaliana, hata kwa mdomo, “fremu hii nakupa miezi sita, kisha narudishiwa,” hilo ni pango la muda maalumu. Linaisha lenyewe siku ikifika, bila notisi ya mtu yeyote. Ugumu ni kwamba mpangaji asipotoka na mwenye nyumba akapokea kodi nyingine bila kusema neno, wanaangukia tena kwenye kifungu cha 79: aliyebaki ndani kwa ridhaa baada ya muda kuisha anakuwa na pango la vipindi, na masharti ya mkataba uliokwisha yanaendelea kwa kadiri yanavyopatana na hali hiyo mpya. Mikataba ya fremu hapa kwetu imejaa hali hii. Wameandikiana mwaka mmoja, karatasi ikaisha miaka minne iliyopita, kodi inaendelea kupokelewa. Wenye nyumba wanadhani hakuna mkataba tena, wakati upo, na umegeuka kuwa wa aina inayowataka watoe notisi.

Na mpangaji asiyelipa? Huyo ana njia yake. Sheria inampa mwenye nyumba haki ya kulivunja pango kwa kosa la mpangaji, kwa kumtaarifu kosa lenyewe na kumpa nafasi ya kulirekebisha, na huko hakuna sharti la kungoja siku ya kodi. Ninalotaja hapa ni la mpangaji aliyelipa na hana kosa.

Majirani zetu wa Kenya wanaendesha mambo kwa njia nyingine. Wana sheria maalumu ya maduka, hoteli na migahawa, sura ya 301, ambayo kwa fremu nyingi zisizo na mkataba wa maandishi au zenye mkataba wa miaka mitano kushuka chini inataka notisi ya fomu rasmi, isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga katika baraza la kodi za majengo ya biashara. Wafanyabiashara wanaosafiri hadi Nairobi hurudi wakidhani na sisi tunayo. Sisi tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka kwa mwenye nyumba kuhusu kodi na kuhusu kumtoa mpangaji, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji wa Tanzania Bara anasimama juu ya mkataba wake na Sheria ya Ardhi. Ndiyo maana urefu wa notisi na siku yake ya mwisho vina uzito kiasi hiki. Ndizo kinga kuu zilizobaki kwa mtu asiyeandikiana kitu.

Kinga hizo hazina maana kama mwenye nyumba anaamka usiku na kuweka kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, au anang'oa mlango akisema anaukarabati. Kila pango lina ahadi ya mwenye nyumba, hata kama haikuandikwa, kwamba mpangaji anayelipa atakaa kwa amani bila kusumbuliwa naye. Kifungu cha 88 kinaiweka ahadi hiyo ndani ya mkataba. Anayefungiwa duka katikati ya msimu ana dai la hasara: mauzo aliyokosa, mali iliyoharibika, gharama za kuhama. Namshauri aanze kukusanya ushahidi siku hiyohiyo, picha za kufuli na daftari la mauzo ya wiki zilizotangulia, kwa sababu bila daftari baraza halina namna ya kujua siku moja ya msimu ina thamani gani kwake.

Njia ya kisheria inaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linatoa cheti, na likipitisha siku 30 bila usuluhishi, anayelalamika anaweza kwenda bila cheti kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 ni nyingi kwa mtu ambaye duka lake limefungwa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo hatua ya maana ni ile inayochukuliwa kabla kufuli halijawekwa: barua ya kupinga notisi, na lalamiko kufika kata mapema, wakati bado uko ndani.

Mwenye nyumba naye ana haki ya kupata nyumba yake, na anaweza kuipata bila ugomvi akijua namna ya kuandika. Notisi iwe ya maandishi, itaje fremu ipi, itaje tarehe, na imfikie mpangaji mkononi, na nakala isainiwe. Kosa linaloangusha notisi nyingi ni tarehe. Aliyetaja siku isiyo sahihi, notisi yake haijisogezi yenyewe hadi siku sahihi. Imekufa, na anatakiwa kuanza upya, wakati mwingine akiwa amepoteza nusu mwaka. Wanasheria wa zamani walilitatua hilo kwa kuongeza maneno machache ya akiba, nami ninaendelea kuyatumia: “Nakutaka unirudishie fremu hii Machi 1, au, kama tarehe hiyo si siku ambayo kipindi chako cha pango kinaisha, basi siku ya kwanza ya kulipa kodi itakayofuata baada ya kupita miezi sita tangu upokee notisi hii.” Kwa sentensi hiyo, hata kama mzee alikosea hesabu, saa imeanza kuhesabu. Mpangaji anayetaka kuhama anaweza kuigeuza na kuitumia vilevile, kwa sababu kifungu cha 79 kinamfunga naye. Akiondoka ghafla bila notisi, anaweza kudaiwa kodi ya kipindi ambacho notisi ingechukua.

Kwa mpangaji aliyeletewa karatasi hiyo na kuambiwa “saini hapa”: asaini. Aandike “nimepokea” na tarehe ya siku hiyo kwa mkono wake mwenyewe, apige picha nakala yake. Kuandika “nimepokea” si kukubali kuondoka, na tarehe hiyo ndiyo itakayotumika kuhesabia kama notisi imetimia au imepungua. Anayekataa kusaini kwa hasira humwachia mwenye nyumba nafasi ya kudai kwamba aliileta mapema zaidi, Agosti badala ya Septemba, na kwa mama yetu wa vitenge huo ungekuwa mwezi uliobeba nusu mwaka mzima.